Namba ya miwani inapanda kila mara, usiku taa za magari zinanipofusha. Ninunue nyingine au ni mtoto wa jicho?

Shuka_Kitonga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 57, naendesha lori la mizigo Dar–Tunduma, na barabara ile naijua kona kwa kona. Tangu mwaka jana usiku umekuwa mtihani. Gari likija mbele yangu, hasa haya yaliyofungwa taa nyeupe za ledi, ile taa haibaki taa. Inatawanyika, inatoa miale mirefu, na ndani ya ule weupe sioni ukingo wa barabara wala mtu wa baiskeli. Likishapita nabaki kidogo naitafuta barabara. Mchana naona nipo sawa, ila vibao vya mbali utingo wangu anavisoma kabla yangu.

Kitu cha ajabu ni kwamba miwani ya kusomea niliyoianza zamani nimeiweka kabatini. Risiti ya mafuta naisoma kwa macho matupu, tena maandishi madogo. Nikasema labda macho yanarudi ujanani.

Nimechukua kadi zangu za vipimo nikazipanga. 2021 macho yote mawili mainasi 0.50. 2023 kulia mainasi 1.75, kushoto 0.75. Safari hii kulia mainasi 3.25, kushoto 1.00. Kwa miwani ya majaribio jicho la kulia limeishia mstari wa 6/12, la kushoto 6/9. Dukani wanasema jicho bado linabadilika, nichukue mipya na baada ya miezi sita nirudi. Hela ipo, lakini naogopa kununua miwani kila msimu kama vocha. Mnanishaurije?

Nyamizi_wa_Igunga

Pole kaka. Hiyo ni upungufu wa vitamini A. Bibi yetu alikuwa haoni magharibi ikiingia, akawekwa kwenye maini, mchicha na karoti, akapona kabisa. Kula karoti mbichi kila siku.

Shuka_Kitonga

Asante dada, ila mimi gizani naona. Barabara ikiwa tupu naendesha vizuri tu mpaka Mikumi. Shida inaanza taa ikinijia usoni.

Fundi_Miwani_Kkoo

Bosi, usiwape watu mashaka ya bure. Nauza miwani Kariakoo, madereva wengi wanakuja na malalamiko haya haya. Chukua lenzi za antiglea, zile ukizigeuza kwenye mwanga zinatoa kijani. Ongeza na miwani ya njano ya kuendeshea usiku, taa zinapoa kabisa. Mtoto wa jicho unajulikana, jicho linakuwa jeupe katikati, mtu mwingine akikutazama anauona. Wa kwako bado haujafika huko, na hata ukiwepo lazima uive kwanza ndiyo utolewe.

Mpima_wa_Moshi

Kazi yangu ni kupima macho hospitali, si mpasuaji, nisieleweke vibaya. Fundi wa Kariakoo yuko sahihi kwenye kitu kimoja: antiglea inasaidia mwanga unaogonga kioo cha miwani na kurudi. Kama sehemu ya tatizo la ndugu yetu ni mng'ao wa kwenye kioo, atapata nafuu. Ila miwani ya njano ni giza unalojinunulia. Inakata sehemu ya mwanga, taa inayokuja inaonekana imepoa, na mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi naye anapoa vilevile. Usiku dereva hana mwanga wa ziada wa kuutupa.

Sasa turudi kwenye kadi zake, maana jibu limo humo. Jicho la mtoto wa shule linarefuka, ndiyo maana namba yake inapanda kila mwaka. Jicho la mtu wa miaka 57 halikui tena. Likianza kudai mainasi ukubwani, tena upande mmoja ukikimbia kuliko mwingine, kinachobadilika mara nyingi ni ile lenzi ya asili iliyo nyuma ya mboni. Kiini chake kinakuwa kigumu, kinageuka njano halafu kahawia, na kinapinda mwanga kwa nguvu kuliko zamani. Jicho lenye mainasi 3.25 linasoma lenyewe kwa umbali wa sentimita 30 hivi bila msaada. Huo ndio ujana uliourudia, kaka. Wazee wengi wanatuambia kwa furaha kwamba wameacha miwani ya kusomea, na sisi ndipo tunapoinua masikio.

Kwa muda fulani miwani mipya inasaidia kweli, kwa sababu inarudisha ule mpindo. Duka halikudanganyi likisema utaona vizuri zaidi. Lakini lenzi iliyoanza ukungu haiishii kupinda, inatawanya pia. Mwanga uliokwisha kutawanyika ndani ya jicho hakuna kioo cha nje kitakachoukusanya. Taa moja ya gari inamwagika juu ya picha nzima, na vitu hafifu vilivyo pembeni, kama ukingo wa lami au baiskeli isiyo na taa, vinazama humo. Usiku mboni nayo imepanuka, kwa hiyo mwanga unapita hadi kwenye sehemu za pembeni za lenzi ambazo mchana zinafichwa. Ndiyo maana mchana unajiona mzima.

Cha kushika hapo ni 6/12, yaani herufi unayoisoma kwa mita 6, mwenye macho mazima anaisoma kwa mita 12. Hiyo ni namba uliyoipata *baada* ya kuwekewa miwani bora waliyoweza kuipata. Kama miwani ndiyo ingekuwa tatizo, jicho lingefika 6/6 au karibu yake. Limekwama, na anayeuza fremu hawezi kukuambia limekwamia wapi mpaka mtu aangalie ndani.

Mama_Ashura

Mimi nina sukari mwaka wa saba, na macho yangu yananichanganya hivyo hivyo. Nilipimwa nikapewa miwani, wiki ya kwanza nzuri, baada ya mwezi nikivaa naona ukungu, nikivua naona afadhali. Nikapimwa tena namba nyingine kabisa. Kumbe na mimi ni mtoto wa jicho?

Mpima_wa_Moshi

Mama Ashura, inawezekana, lakini mwendo wako ni tofauti na wa Shuka. Yeye namba inakwenda upande mmoja kwa miaka. Yako inakwenda na kurudi kwa wiki. Sukari ikipanda na kushuka, maji ndani ya lenzi nayo yanabadilika na namba inahama. Ukipimwa siku sukari iko juu, utanunua miwani ya siku ile tu. Subiri sukari itulie kwa wiki kadhaa, ndipo upimwe miwani. Kitu usichosubiri ni kuangaliwa nyuma ya jicho, kwenye pazia. Mwenye sukari anatakiwa aangaliwe huko kila mwaka hata kama anaona vizuri, kwa sababu mishipa inaharibika bila kuuma. Mtoto wa jicho nao huwawahi zaidi watu wa sukari, kwa hiyo wakuangalie vyote.

Mariakani_Kona

Salamu kutoka Kenya. Mimi ni dereva pia, Mombasa–Malaba. Shuka, kabla ya yote safisha kioo cha mbele cha lori, ndani na nje. Kile kioo kikikwaruzwa na waipa miaka mingi, taa za usiku zinafanya hiyo miale unayosema. Mimi nilibadilisha kioo, nikaona tofauti kubwa.

Shuka_Kitonga

Mkuu kioo ni kipya, kilibadilishwa baada ya jiwe la Iyovi. Na hata nikiwa nimesimama nje ya gari, taa ya nguzo naiona na miale.

Mpima_wa_Moshi

Swali la Mariakani ni zuri, wengi hawalifikirii. Basi fanya hivi ukiwa nyumbani. Simama utazame ile taa ya nguzo, ziba jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, halafu ziba la kulia. Taa ikiwa na miale mingi, au ikionekana mbili, kwa jicho moja tu huku lingine limezibwa, shida iko ndani ya jicho hilo, si kwenye kioo cha gari.

La pili. Chukua kadi ngumu, toboa tundu moja kwa msumari mwembamba, upana wa kama milimita moja. Vaa miwani yako, ziba jicho moja, na kwa lingine soma kibao cha mbali au kalenda ya ukutani kupitia lile tundu, mchana kwenye mwanga mzuri. Maandishi yakinyooka waziwazi, bado kuna nafasi ya miwani kusaidia. Yasiponyooka, au yakiwa mabaya zaidi, miwani mipya ina kazi ndogo hapo. Lakini tundu halikuambii ni mtoto wa jicho. Ugonjwa wa pazia la nyuma nao hautanyooka kwa tundu. Na wapo watu ambao lenzi yao ina ukungu sehemu sehemu, tundu likiangukia sehemu safi wanaona vizuri na wanadanganyika.

Fundi_Miwani_Kkoo

Sawa daktari, lakini mbona jicho lake si jeupe? Sisi tunaona wazee wanaletwa mboni nyeupe kama maziwa, huo ndio mtoto wa jicho.

Mpima_wa_Moshi

Huo ni wa mwisho wa safari, fundi. Wa mwanzo huuoni kwa kumtazama mtu usoni, unaonekana kwenye ile darubini ya taa nyembamba baada ya mboni kupanuliwa kwa matone. Mashine ya kompyuta iliyo dukani inatoa namba ya miwani, haiambii lenzi ina rangi gani.

Na habari ya kuiva ilikuwa na maana zamani, upasuaji ulipokuwa wa tundu kubwa na miwani minene ya baada ya hapo. Siku hizi anapewa lenzi ya bandia ndani ya jicho, na kusubiri uive kunaleta hasara: lenzi inakuwa ngumu kama kokwa, upasuaji unakuwa mrefu, na ukipitiliza inaweza kuvimba na kupandisha presha ya jicho. Kinachoamua ni kama unakuzuia kufanya kazi yako. Mtu anayelima bustani yake na 6/12 anaweza kukaa miaka bila kuguswa. Dereva wa usiku ni habari nyingine.

Zuhura_Tanga

Jamani mimi nina miaka 34, nauliza. Macho yangu yanawasha sana tangu utotoni, kuna tone nanunua duka la dawa linatuliza mara moja, nalitumia miaka. Sasa hivi jua la saa sita siwezi, naona ukungu mweupe, na kusoma simu ni shida. Usiku ndiyo afadhali. Kwangu ni kinyume na kaka.

Mpima_wa_Moshi

Zuhura, chukua kichupa usome jina la dawa. Likiwa na deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni dawa ya steroidi. Inatuliza kweli kuwashwa, ndiyo maana watu hawaiachi. Ikitumika muda mrefu bila kusimamiwa inaleta mtoto wa jicho nyuma kabisa ya lenzi, katikati. Ukungu ukiwa pale katikati, jua likikali mboni inasinyaa na mwanga wote unalazimika kupita kwenye ukungu. Kusoma karibu nako kunasinyaza mboni. Jioni mboni inapanuka, unapata njia ya pembeni. Maelezo yako yanafanana sana na hilo.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni presha ya macho, kwa sababu dawa hizo hizo huipandisha kwa baadhi ya watu. Mtoto wa jicho unatolewa ukaona tena. Mshipa wa fahamu wa jicho ukiharibiwa na presha haurudi. Nenda wiki hii wapime presha ya jicho, uende na kichupa. Kama unameza steroidi kwa pumu au ugonjwa mwingine, hiyo usiikate mwenyewe, mwambie aliyekuandikia.

Zuhura_Tanga

Ni deksamethasoni. Naenda Bombo Jumatatu.

Mzee_Ngosha

Vijana, hakuna haja ya kisu. Asali ya nyuki wadogo, tone moja asubuhi na jioni, ukungu wote unakatika. Mimi nimeitumia.

Mpima_wa_Moshi

Mzee wangu, shikamoo. Ukungu uko ndani ya lenzi, na lenzi iko nyuma ya mboni. Asali inaishia juu ya kioo cha jicho, na isiposafishwa vizuri tunapokea vidonda. Mpaka leo hakuna tone, la hospitali wala la mitishamba, lililothibitika kuyeyusha mtoto wa jicho kwa binadamu. Labda macho yako yalikuwa makavu, hapo naweza kukuelewa ukisema yalipoa.

Mzee_Ngosha

Marahaba. Sisi tunaona nyie hamuoni.

Shuka_Kitonga

Wakuu narudi na majibu. Jaribio la taa ya nguzo: jicho la kulia peke yake taa ina miale na kivuli cha taa ya pili pembeni. La kushoto lina miale kidogo. Tundu halikunisaidia kulia.

Nilikwenda kliniki ya macho ya hospitali, siyo dukani. Walinipima presha ya macho, ipo sawa. Wakanitia matone, nikakaa kama nusu saa, wakaangalia kwenye darubini. Nilikuja na mdogo wangu maana waliniambia nisiendeshe siku hiyo, na kweli mpaka jioni kila kitu kilikuwa kinang'aa. Kulia kiini cha lenzi kimeshakuwa njano ya kukolea, kushoto kimeanza tu. Pazia la nyuma zuri pande zote mbili.

Kilichonishtua ni kabla ya matone. Yule mpimaji alinirudisha kwenye herufi nikiwa na miwani ya majaribio, nikasoma 6/12 kama mwanzo. Halafu akaniangazia tochi kwa pembeni huku nikisoma. Jicho la kulia likaanguka hadi 6/36. La kushoto lilishuka mstari mmoja. Akasema hiyo ya tochi ndiyo barabara yako.

Daktari anasema jicho la kulia naweza kulifanyia sasa. Miwani ya mainasi 3.25 kulia na 1.00 kushoto nimeijaribu, nikitembea sakafu inapanda, kichwa kinauma. Anasema ni tofauti ya macho mawili. Sasa najiuliza nikitoa kulia, na kushoto je? Na nikipona nitaendesha bila miwani?

Mwana_wa_Peramiho

Shuka, mama yangu alifanyiwa. Ganzi tu, hakulazwa, kesho yake bandeji ikatolewa. Alianza kulalamika kwamba kumbe kanga yake ni ya bluu, yeye alishazoea kuiona kama kijivu. Matone ilikuwa kwa wiki kadhaa, na hilo la matone ndilo gumu, maana anaona tayari, anasahau. Ila jiandae, miwani ya kusomea itarudi. Mama alikasirika sana, alidhani amemalizana na miwani. Na baada ya miaka miwili hivi ukungu ulirudi, tukasema mtoto wa jicho umeota tena. Wakamwambia ni kile kifuko kinachoshika lenzi kimekuwa na utando, wakampiga leza dakika chache, akarudi nyumbani anaona.

Mpima_wa_Moshi

Mwana wa Peramiho amesema mengi ya kweli. Lenzi ya bandia ya kawaida ina umbali mmoja tu. Wewe dereva utachagua mbali, na kusoma utarudi kabatini ulikoweka ile miwani. Zipo lenzi za bei wanazoziita za mbali na karibu kwa pamoja. Kwa mtu wa usiku mimi ningekuwa mgumu kuzishauri, kwa sababu kawaida yake ni kuweka duara kuzunguka taa, yaani unatoa miale unanunua duara. Hata kwa lenzi ya kawaida, wapo wanaoona mng'ao wa pembeni wiki za mwanzo, kwa wengi unafifia.

Kuhusu kushoto: kulia ikilengwa sifuri, kushoto ina mainasi 1.00, tofauti hiyo watu wengi wanaivumilia, miwani inaweza kuisawazisha. Kwa hiyo si lazima ukimbilie kushoto. Lakini lile jicho nalo litaendelea kwenda mainasi, kwa kasi ambayo hatuwezi kuijua mapema.

Jambo jingine ambalo wanaume wa umri wako hawalisemi mpaka waulizwe. Kama unameza tamsulosini kwa ajili ya tezi dume, au uliwahi kuimeza, mwambie mpasuaji kabla. Inalegeza ile nyama ya rangi inayozunguka mboni, na katikati ya upasuaji mboni inasinyaa. Akijua anajiandaa. Kuiacha siku chache kabla hakusaidii sana, kwa hiyo usiiache kimyakimya.

Shuka_Kitonga

Duh. Nilipewa mwaka juzi. Sikusema, na hawakuniuliza.

Mariakani_Kona

Na tajiri wako anasemaje kuhusu usiku, kwa sasa?

Shuka_Kitonga

Nimeomba niendeshe mchana tu, yaani nikifika Ruaha Mbuyuni jua likizama nalala hapo. Amekubali kwa mwezi huu. Baada ya hapo anasema ataangalia, maana wenzangu wanamaliza safari mapema kuliko mimi.

Fundi_Miwani_Kkoo

Daktari, nikuulize kwa faida ya wateja wangu. Nimpeleke mtu hospitali namba ikihama kiasi gani? Siwezi kufukuza kila mzee.

Mpima_wa_Moshi

Hakuna mstari uliochorwa, na wenzangu tunabishana. Mimi kwa mtu aliyevuka 50, upande mmoja ukihama kuelekea mainasi kwa 1.00 ndani ya mwaka, au kwa miwani bora kabisa asifike 6/9, simuuzii kabla lenzi haijaangaliwa. Wengine wanaanzia nusu. Atakayekuja na jicho jekundu linalouma, anatapika na anaona duara za rangi kwenye taa, au ameona pazia jeusi limeshuka ghafla, huyo hata kwenye kiti chako asikae, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mama_Ashura

Na mtu wa sukari akitolewa mtoto wa jicho, kidonda kinapona?

Mwana_wa_Peramiho

Mama yangu naye ana sukari, kilipona, ila waliahirisha mara moja kwa sababu asubuhi ile ilikuwa juu. Daktari wa Moshi atakueleza vizuri kuhusu pazia, maana kwa mama walichoma leza kwenye pazia la nyuma kwanza kabla ya lenzi.